Mabati ya tarehe 30 Desemba

Tuchukue duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Duka lenyewe ni la mfano na namba zake zimetungwa ili zihesabike kwa urahisi, ila lori linaloingia getini kila mhasibu aliyewahi kufunga hesabu za mwaka atalitambua. Ni tarehe 30 Desemba, saa kumi na moja jioni. Mabati yanashushwa, makuli wana haraka, na dereva anataka kuondoka kabla foleni ya Barabara ya Mandela haijakaza. Mtunza stoo anahesabu mabando, anasaini hati ya mzigo, anabaki na nakala moja, anaikunja na kuitia mfuko wa shati. Ankara haimo. Dereva anasema italetwa na watu wa ofisini kwao, ambao kwa sasa wako likizo ya sikukuu.

Kesho yake ni siku ya kuhesabu mali. Duka limefungwa, watu wanne wanazunguka na karatasi, kila bando linaguswa na kuandikwa. Mabati mapya yanahesabiwa pamoja na ya zamani, kwa kuwa bati halina alama ya kuonyesha kama limeingia jana au mwezi uliopita. Ankara inafika tarehe 9 Januari. Imeandikwa tarehe 6 Januari, shilingi milioni 48 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na mhasibu anaiingiza kwenye mfumo kwa tarehe hiyo iliyoandikwa juu yake.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mtu amefanya kazi yake kwa karatasi iliyomfikia. Hata hivyo faida ya mwaka imepanda kwa shilingi milioni 48 ambazo hazipo.

Hili ndilo kosa la mpaka wa kipindi: tukio la mwaka mmoja linaandikwa nusu katika mwaka huo na nusu katika mwaka unaofuata. Mali imevuka mpaka kwa tarehe yake halisi, deni limevuka kwa tarehe ya karatasi. Ili kuona kwa nini tofauti ya siku saba inaweza kuichezea faida kiasi hicho, inabidi kurudi kwenye hesabu ambayo kila mwanafunzi wa uhasibu huikariri mwaka wa kwanza kisha akaisahau:

```
gharama ya mauzo = mali ya mwanzo + manunuzi - mali ya mwisho
```

Duka letu lilianza mwaka na mali ya milioni 310. Manunuzi yaliyomo kwenye leja ni milioni 1,420, na hesabu ya tarehe 31 Desemba imetoa mali ya milioni 352, mabati mapya yakiwemo. Gharama ya mauzo inakuwa milioni 1,378. Mauzo ya mwaka ni milioni 1,650, kwa hiyo faida ghafi ni milioni 272. Ukiondoa gharama za uendeshaji za milioni 150, mwenye duka anaambiwa amepata milioni 122 kabla ya kodi.

Sasa rudisha ankara ya mabati mahali pake. Manunuzi yanakuwa milioni 1,468, gharama ya mauzo inapanda hadi 1,426, faida ghafi inashuka hadi 224, na faida kabla ya kodi inabaki milioni 74. Kwa kiwango cha asilimia 30 ambacho kampuni hulipa Tanzania, kodi ya mapato inashuka kutoka milioni 36.6 hadi 22.2. Karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati ilikuwa inamgharimu mwenye duka shilingi milioni 14.4 za kodi kabla ya wakati wake.

Kinachowashangaza wengi wanapoiona hesabu hii kwa mara ya kwanza ni ukubwa wa kosa. Mabati hayo hata moja halijauzwa, kwa hiyo mtu hutarajia kwamba faida haiwezi kuguswa, au ikiguswa basi kwa ile faida ndogo ya biashara. Sivyo. Faida imepanda kwa gharama nzima ya mzigo, senti kwa senti, kwa sababu mali ya mwisho hupunguza gharama ya mauzo, na mali hiyo imeingia kwenye hesabu ikiwa kama zawadi: ipo, na hakuna aliyeilipia wala anayeidai.

Na kama mabati yangeuzwa yote jioni ileile? Kosa lingekuwa lilelile. Yasingekuwemo katika mali ya mwisho, lakini mauzo yake yangekuwemo bila gharama yake, na faida ingebaki juu kwa milioni 48 vilevile. Njia pekee ya faida kusalimika ni mzigo kusahauliwa kotekote, usihesabiwe stoo, usiuzwe wala usiingizwe kwenye leja. Hapo mizania inakosa mali na inakosa deni kwa kiasi sawa, mtu anayepima uwezo wa duka kulipa wadai atapotoshwa, lakini faida itakuwa sahihi.

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili, na kwa waagizaji wa Afrika Mashariki upande huo si nadra. Kontena la vigae limepakiwa melini China katikati ya Desemba kwa masharti ya FOB, yaani hatari ya mzigo imehamia kwa mnunuzi mara tu ulipopanda melini. Mnunuzi alikwishalipa milioni 90, na malipo hayo yameandikwa moja kwa moja kwenye manunuzi. Tarehe 31 Desemba vigae viko baharini, na wahesabu mali hawahesabu bahari. Gharama imo, mali haimo, na faida inashuka kwa milioni 90 nzima. Mhasibu makini huwa na orodha ya mali iliyo safarini, huiongeza kwenye mali ya mwisho kwa kutazama hati ya kupakia mzigo na tarehe yake, na mambo yanakaa sawa. Asiyekuwa nayo anafunga mwaka kwa hasara ambayo haikutokea, halafu Machi anashangaa biashara imefufuka.

Kufufuka huko, au kuzama kwa mabati, ndiyo tabia ya pili ya kosa hili: hujigeuza. Mwaka unaofuata duka letu linaanza na mali ya milioni 352, ambayo mabati yamo, na linabeba manunuzi ambayo ankara ya tarehe 6 Januari imo pia. Gharama ya mabati sasa inahesabiwa mara mbili katika mwaka mmoja. Kama biashara imekwenda vilevile kama mwaka uliotangulia na ingestahili kuonyesha milioni 74, hesabu zitaonyesha milioni 26. Mwenye duka anaona faida imeporomoka kutoka 122 hadi 26, anamwita meneja wa mauzo, anapunguza vibarua, pengine anafunga tawi. Ukijumlisha miaka miwili unapata milioni 148, ambayo ni 74 mara mbili kamili. Biashara haikuyumba hata siku moja, yameyumba maandishi yake.

Kwa kuwa kosa hujigeuza, kuna wahasibu wanaolipuuza kwa hoja kwamba litajirekebisha lenyewe. Kwa kodi hoja hiyo ina ukweli kidogo, kwani kilicholipwa mwaka huu kingepunguza cha mwaka ujao. Lakini gawio likishagawiwa halirudi, bonasi ya meneja hairudi, na benki iliyotoa mkopo kwa kuangalia faida ya milioni 122 imekwishatoa.

Kuna ugumu mwingine ndani ya hoja hiyo, na ndio unaowagonganisha wahasibu na wakaguzi. Tuseme duka husahau ankara ya mzigo wa milioni 48 kila Desemba, mwaka hadi mwaka. Mwaka wa pili unabeba gharama iliyosahauliwa ya mwaka wa kwanza na unasahau ya kwake, ya kiasi kilekile. Makosa mawili yanafutana, faida inatoka sahihi, na inaendelea kutoka sahihi kwa miaka kumi. Deni kwenye mizania, hata hivyo, liko pungufu kwa milioni 48 kila mwaka. Anapokuja mhasibu mpya akaamua kufanya mambo vizuri, mwaka wake unabeba mizigo miwili, wa zamani na wake, na faida inaanguka kwa milioni 48 kwa sababu tu kosa limesahihishwa. Faida, kwa maneno mengine, haipotoshwi na ukubwa wa kosa la mwisho wa mwaka. Inapotoshwa na tofauti kati ya kosa la mwisho wa mwaka na lile la mwanzo wake.

Hapo ndipo kila upande ulipokuwa unachagua kipimo kinachoupendeza. Anayetazama faida ya mwaka peke yake atasema hakuna kosa, anayetazama mizania atasema kuna la milioni 48. Nchini Marekani kampuni zilizoorodheshwa zilikuwa zikitumia moja ya njia hizo mbili hadi Septemba 2006, wakati mdhibiti wa masoko ya mitaji, SEC, alipotoa waraka namba 108 na kutaka makosa ya aina hii yapimwe kwa njia zote mbili, na kosa likionekana kubwa kwa njia yoyote lirekebishwe. Kwa wanaofuata viwango vya kimataifa, kama ilivyo Tanzania na Kenya, kosa kubwa la mwaka uliopita hurekebishwa chini ya IAS 8 kwa kurudi nyuma na kuandika upya namba za mwaka huo, si kulitupia mwaka huu mzigo usio wake.

Watu wengi huamini kwamba mifumo ya kompyuta imelimaliza tatizo hili. Imelipunguza, hilo ni kweli, na njia iliyotumika ni ya kistadi. Mzigo unapopokelewa kwa oda iliyomo kwenye mfumo, mtunza stoo anaingiza idadi, na papo hapo mfumo unaongeza mali kwa bei ya oda na kuongeza deni kwenye akaunti maalumu ya mali iliyopokelewa bila ankara. Watumiaji wa SAP huiona kwa jina la `GR/IR`, na mifumo mingine ina majina yake. Ankara ikija, deni linahamishwa kutoka akaunti hiyo kwenda akaunti ya msambazaji mwenyewe. Kinachobaki kwenye akaunti hiyo mwisho wa mwezi kinatakiwa kiwe ni mizigo iliyofika ambayo ankara zake bado. Lori la tarehe 30 Desemba lingeingizwa siku hiyohiyo, deni la milioni 48 lingekuwepo bila kungoja karatasi.

Neno la kushikilia ni lile «siku hiyohiyo». Mfumo haujui lori lilipoingia, unajua kitufe kilipobonyezwa. Jioni ile mtunza stoo alikuwa na hati mfukoni na kompyuta imezimwa. Kesho yake wahesabu mali wanakuta mabati mengi kuliko yaliyomo kwenye mfumo, wanaandika ziada ya stoo ya milioni 48, na mhasibu anafanya marekebisho ambayo kila mtu huyafanya bila kufikiri: anaongeza mali, anapunguza gharama ya mauzo. Kosa lilelile la daftari la mkono limepitia mlango wa kisasa. Januari mtunza stoo anakumbuka hati yake na kuingiza mapokezi, mfumo unaongeza mabati mara ya pili, na hesabu itakayofuata itaonyesha upungufu. Mara nyingi mtunza stoo ndiye atakayeulizwa yako wapi. Kwa hiyo ziada kubwa inayoonekana siku ya kuhesabu mali si habari njema ya kushukuriwa. Jambo la kwanza la kuuliza ni magari gani yaliingia ndani ya siku tatu zilizopita.

Udhaifu wa pili ni wa polepole zaidi. Ankara inakuja, lakini haina namba ya oda, au mhasibu anayeshughulikia wasambazaji haoni mapokezi yake, basi anaiingiza moja kwa moja kama gharama ili msambazaji alipwe na simu ziishe. Sasa gharama imeingia mara mbili: mara ya kwanza kupitia mali iliyopokelewa, mara ya pili kupitia ankara. Faida imepungua, na deni la akaunti ile maalumu linabaki pale bila mtu wa kulidai. Mwaka unapita, miwili inapita. Akaunti inajaa mistari mia mbili, mia tatu, mingine ya oda ambazo hata aliyezitoa ameacha kazi.

Kisha anakuja mtu wa kusafisha. Kwenye SAP kuna amri ya kazi hiyo, `MR11`, inayofuta tofauti kati ya kilichopokelewa na kilichoankariwa, na upande wa pili wa kufuta huko huishia kwenye mali au kwenye gharama za mwaka unaofungwa. Ikifutwa milioni 60 ya madeni ya zamani, faida ya mwaka huu inaweza kupanda kwa milioni 60 kwa kazi ya dakika kumi. Sehemu ya kiasi hicho ni gharama iliyohesabiwa mara mbili miaka ya nyuma, ambayo kweli haidaiwi. Sehemu nyingine inaweza kuwa mizigo iliyorudishwa bila kuandikwa, au mapokezi yaliyoingizwa mara mbili. Na sehemu nyingine ni deni halali la msambazaji mzembe ambaye ataleta ankara yake mwezi Mei. Ukiangalia jumla yake huwezi kuzitofautisha. Inabidi kufungua mstari mmoja mmoja, kuanzia ile mikubwa, na kumpigia msambazaji simu. Ukiona akaunti hii imepungua ghafla mwezi wa mwisho wa mwaka katika kampuni iliyokuwa karibu kukosa lengo lake la faida, una haki ya kuomba orodha ya kilichofutwa na jina la aliyeidhinisha.

Kuna jambo dogo la kodi ambalo huwatega hata wazoefu. Taarifa ya msambazaji wa mabati itaonyesha anadai milioni 56.64, kwa kuwa imejumlisha asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Mhasibu anayeweka deni la mwisho wa mwaka kwa kunakili taarifa hiyo, upande wa pili akiuandika wote kama manunuzi, anaongeza gharama kwa milioni 8.64 ambazo si gharama, maana kodi hiyo ataidai atakapopata risiti ya kielektroniki. Deni linalowekwa kabla ya ankara huwekwa kwa bei isiyo na kodi.

Mpaka hapa tumezungumzia uzembe na haraka. Lakini mlango unaosahaulika kufungwa ni mlango ambao mtu anaweza pia kuuacha wazi makusudi, na kesi inayofundishwa zaidi juu ya hilo inatoka Lancashire, Uingereza, katika kiwanda cha kusokota pamba cha Thomas Gerrard & Son. Hesabu zake zilifungwa kila nusu mwaka. Mkurugenzi mtendaji, Croston, alikuwa akiongeza mali ambayo haikuwepo kwenye hesabu ya stoo, na pamoja na hilo alibadilisha tarehe za ankara. Ankara za pamba iliyonunuliwa kabla ya kufunga hesabu zilisogezwa mbele hadi nusu mwaka unaofuata, na za mauzo zikavutwa nyuma. Ni mabati yetu yaleyale, tofauti yake ni kwamba hapa palitumika kalamu pale ambapo kwetu karatasi ilichelewa.

Fikiria kazi aliyojipa. Kwa kuwa kosa hujigeuza, kila nusu mwaka ilianza ikiwa imebeba manunuzi iliyosukumiwa na ile iliyotangulia. Ili faida ibaki palepale ilibidi asukume mbele kiasi kilekile, na ili ipande ilibidi asukume zaidi. Udanganyifu wa aina hii haumwachii mtu nafasi ya kuacha kimyakimya, kwa sababu kipindi cha kuacha ndicho kinachobeba fidia ya vipindi vyote.

Wakaguzi wa kampuni waliziona ankara zilizobadilishwa. Walimuuliza Croston, akawapa maelezo, wakayakubali. Hawakwenda kwa wasambazaji kuomba taarifa zao za madeni, hatua ambayo ingelifichua jambo hilo, maana Croston aliweza kubadilisha karatasi zilizokuwa ofisini kwake lakini hakuweza kufika kwenye vitabu vya wauzaji wa pamba. Kampuni ilipoingia katika ufilisi, kumbe ilikuwa imelipa gawio kutokana na faida isiyokuwepo na kodi juu ya faida hiyohiyo. Mwaka 1967 Jaji Pennycuick aliamua kwamba wakaguzi waliwajibika kwa kukosa uangalifu. Walijitetea kwa kesi ya zamani ya mwaka 1896, ya kiwanda kingine cha pamba cha Kingston, ambapo mkaguzi aliruhusiwa kuamini cheti cha meneja kuhusu mali. Jaji aliona kwamba viwango vya uangalifu vimepanda tangu wakati huo, na kwamba mkaguzi akishaona ankara zilizobadilishwa hana tena ruhusa ya kuridhika na neno la aliyezishika.

Tesco, kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, ilitikiswa na jambo la ukoo huohuo Septemba 2014 ilipotangaza kwamba makadirio yake ya faida ya nusu mwaka yalizidi kwa takriban pauni milioni 250. Maelezo yake yalikuwa mawili: mapato kutoka kwa wasambazaji yaliandikwa mapema mno, na gharama ziliandikwa kwa kuchelewa. Kampuni ilikubali kulipa faini ya pauni milioni 129 mwaka 2017, ingawa watendaji watatu walioshtakiwa binafsi hawakutiwa hatiani.

Turudi dukani, kwa sababu njia ya kulinasa kosa hili ni ileile kwa duka na kwa kampuni kubwa, nayo inaanzia mahali ambapo wengi hawaanzii. Kosa tunalolitafuta ni kitu kilichokosekana kwenye leja, kwa hiyo kuikagua leja mstari kwa mstari ni kupoteza siku. Kila kilichomo kitakuwa sahihi. Inabidi kuanzia nje, mzigo ulipopita, na kuufuata hadi ndani.

Siku ya kuhesabu mali, mkaguzi anayejua kazi huenda kwanza kwenye kitabu cha hati za kupokea mzigo na kuandika namba ya mwisho iliyotumika, tuseme 4471. Anaangalia pia kwamba 4472 bado ni tupu. Wiki sita baadaye anarudi na namba hiyo. Hati zote hadi 4471 lazima ziwe na deni ndani ya mwaka uliofungwa, iwe kwa ankara au kwa akaunti ya mali iliyopokelewa, na kuanzia 4472 lazima zote ziwe nje. Huchukua kama kumi za kila upande na kuzifuata moja moja, maana makosa hujazana karibu na mpaka. Namba ikiruka, anauliza iko wapi.

Lakini hati ya kupokea mabati haikuandikwa kamwe, dereva alisainiwa karatasi yake na ya duka ikasahaulika. Hapo ndipo kitabu cha askari wa getini kinapokuwa na thamani kuliko mfumo wa mamilioni. Askari ameandika namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka na neno «mabati». Hana maslahi na faida ya mwaka, hajui ankara ni nini, na hakuna aliyemwomba asogeze tarehe. Magari yaliyoingia yamejaa na kutoka matupu siku za mwisho za Desemba yalinganishwe na hati za kupokea, na lile lisilo na hati litaonekana.

Hatua nyingine ni kupitia ankara zilizoingizwa na malipo yaliyofanywa Januari na Februari. Kosa la kawaida hapa ni kusoma tarehe ya ankara. Tarehe hiyo ni ya msambazaji, inaeleza siku karani wake alipokaa mezani. Inayosomwa ni ya hati ya mzigo iliyoambatanishwa nyuma. Ankara ya tarehe 6 Januari yenye hati ya tarehe 30 Desemba ni ushahidi wa deni lililokuwepo tayari mwaka ulipofungwa, na kiwango cha IAS 10 kinataka hesabu zirekebishwe kwa ajili yake. Sambamba na hilo, taarifa za madeni za tarehe 31 Desemba huombwa kutoka kwa wasambazaji wenyewe, hasa wale ambao leja inaonyesha wanadai kidogo au hawadai kabisa ilhali duka hununua kwao kila mwezi. Salio la sifuri kwa msambazaji mkubwa linastahili barua kuliko salio la milioni mia.

Na kuna kile ambacho namba zenyewe husema kabla ya karatasi yoyote kufunguliwa. Faida ghafi ya duka letu kwa mwaka ilipanda kutoka asilimia 13.6 iliyo halisi hadi 16.5, kiasi ambacho mwenye duka yeyote atakieleza kwa sekunde tatu: bei ilipanda, tulipata punguzo. Duka linalofunga hesabu kila mwezi halina pa kujificha hivyo. Kama mauzo ya Desemba yalikuwa milioni 150, milioni 48 zilizokosekana zinaisukuma faida ghafi ya mwezi huo kutoka asilimia 13.5 hadi 45.5, na Januari inaanguka chini kwa kiasi hichohicho cha fedha. Mwezi uliopaa jirani na mwezi uliozama, mpaka wa mwaka ukiwa katikati yao, ni alama isiyo na maelezo mengi mbadala kwa biashara ya mabati na nondo.

Njia hizi zote zinategemea geti. Gharama zisizopita getini hazina hati ya kupokea, hazina askari, hazihesabiwi stoo, na kwa sababu hiyo hukosekana mara nyingi zaidi ingawa kila moja ni ndogo. Umeme wa LUKU hausumbui kwa kuwa hulipiwa kabla ya kutumika. Msafirishaji aliyebeba nondo kutoka bandarini tarehe 28 Desemba, wakili aliyesimamia shauri mwezi huo, wakala wa forodha, kampuni ya ulinzi, hao wote huleta ankara wanapopata nafasi. Pale mhasibu hana cha kushika isipokuwa orodha ya mikataba na vidole vya kuhesabia. Anafungua akaunti ya ulinzi, anahesabu maingizo ya mwaka, anakuta 11. Anafungua ya usafirishaji, anaona safari za Desemba zimeishia tarehe 19, wakati kitabu cha getini kinaonyesha malori mawili baada ya hapo. Anachukua simu.